TUNAKAGUA MZANI, HATUKAGUI KARATASI



Kila msimu wa kahawa tunaona jambo moja hapa kwenye ghala letu. Mwanachama anafika na gunia lake, karani analiweka juu ya mzani, na kabla karani hajafungua mdomo mwanachama amekwisha kuinama kuangalia mshale. Nyuma yake wapo wengine watatu wanaoangalia naye. Gunia likipungua nusu kilo, kelele zitafika Mbamba Bay. Hiyo ni tabia njema. Tumeipata kwa taabu, maana wazee wetu waliibiwa sana kwenye mizani, na hata kisomo cha watu wazima miaka ya sabini wengi walikifuata ili waweze kusoma wenyewe namba za mzani na za stakabadhi.

Lakini siku makarani wa benki walipokuja na fomu zao za kufungulia akaunti, mambo yalikuwa mengine. Sisi wenyewe tulikuwapo. Meza iliwekwa chini ya mwembe, watu wakapanga mstari, na karani akawa anasema, "Sahihi hapa, na hapa, na hapa nyuma." Asiyejua kuandika akapewa wino wa dole gumba. Watu zaidi ya mia walimalizika kabla ya saa nane mchana. Piga hesabu mwenyewe uone kila mmoja alipata dakika ngapi za kusoma kurasa sita za maandishi madogo. Na hakuna hata mmoja aliyeondoka na nakala. Watu wale wale wanaogombania nusu kilo ya kahawa walitia sahihi jambo wasilolijua, wakashukuru, wakaenda zao kunywa togwa.

Tunaandika haya kwa hasira, na hasira yetu ya kwanza ni juu yetu sisi viongozi wa chama, maana ndio tulioiweka ile meza chini ya mwembe.

Sasa tueleze kilichotokea, ili isije ikasemwa tunapiga porojo.

Yuko mwanachama mwenzetu, mama mmoja anayelima kahawa upande wa Tingi na ambaye nyumba yake iko chini kuelekea ziwani. Jina lake hatulitaji, wala hatuitaji benki yake, kwa sababu ugomvi wetu ni na karatasi, na karatasi za namna hiyo ziko katika benki nyingi. Mwezi wa Agosti 2022 alilipwa fedha zake za kahawa kupitia akaunti. Alitoa karibu zote, akabakiza shilingi 84,000. Aliziacha kwa makusudi, kama akiba. Mwaka 2023 mikahawa yake haikuzaa vizuri, kama mnavyojua kwamba mkahawa ukizaa sana mwaka huu mwaka ujao hupumzika. Kahawa kidogo aliyovuna iliandikwa kwenye kitabu cha mwanawe. Basi akaunti yake ikakaa kimya. Yeye hakuwa na wasiwasi. Fedha iko benki, itakwenda wapi?

Mwezi wa Septemba 2024 malipo ya kahawa yakatoka tena. Yeye alistahili shilingi 412,000. Wenzake wakapata, yeye hakupata. Siku tatu baadaye benki ikaleta kwa chama orodha ya malipo yaliyorudishwa, na jina lake lilikuwamo. Sababu iliyoandikwa mbele ya jina lake ilikuwa maneno mawili tu: akaunti imelala.

Alipanda gari kwenda Mbinga mjini. Akaambiwa alete kitambulisho cha taifa na picha mbili, ajaze fomu ya kuhuisha akaunti, halafu asubiri. Picha hakuwa nazo, akarudi. Akaenda mara ya pili. Alipoomba salio akaambiwa ana shilingi 20,280. Alidhani karani amesoma vibaya. Karani hakusoma vibaya.

Na katika siku zile za kusubiri mjukuu wake aliugua. Fedha ilikuwa inahitajika jioni ile ile. Mnajua mwenyewe mtu wa huku anakwenda wapi akibanwa namna hiyo: alikwenda kwenye magoma. Akachukua shilingi 150,000 kwa ahadi ya kulipa kahawa msimu unaofuata, kwa bei aliyopanga mwenye fedha. Mtu mwenye stahili ya 412,000 iliyokwisha lipwa anauza kahawa ambayo bado haijachanua! Chama hiki kiliundwa kupiga vita magoma, na safari hii magoma yaliingia nyumbani kwa mwanachama kupitia mlango wa benki tuliyomletea sisi wenyewe.

Tulikwenda naye benki mara ya tatu, tukaomba mambo mawili: taarifa ya akaunti ya miezi 24, na nakala ya fomu aliyoitia dole gumba. Vyote tulipewa, wala hatukubughudhiwa. Usiku ule tulikaa na taa tukasoma mstari kwa mstari. Na hapa ndipo aibu ilipotushika, maana hakuna aliyeiba. Kila senti iliyotoka ilikuwa imeandikwa kwamba itatoka.

Tufanye hesabu pamoja. Fomu ilisema kuna ada ya uendeshaji kila mwezi. Kiasi hakikuandikwa kwenye fomu. Fomu ilisema tu, "kwa mujibu wa mwongozo wa ada wa benki kama utakavyokuwa wakati hadi wakati." Mwongozo wa ada ni karatasi nyingine, imebandikwa ukutani ndani ya tawi. Wakati ule ulisema shilingi 1,500 kwa mwezi. Chini kabisa ulisema kwamba viwango vyote havijajumlisha kodi ya ongezeko la thamani. Kodi hiyo wakati ule ilikuwa asilimia 18 juu ya ada za benki, kwa hiyo 1,500 ikawa 1,770. Kuanzia Septemba 2022 hadi Februari 2023, miezi sita, zilitoka shilingi 10,620.

Mwezi wa Machi 2023 ada ikapanda kuwa 2,500. Ukiongeza kodi ni 2,950. Hadi Agosti 2023, miezi sita mingine, zikatoka 17,700. Mwaka mmoja ulipotimia akaunti ikahesabiwa kuwa imelala, lakini ada haikulala. Iliendelea kukatwa 2,950 kila mwezi kwa miezi 12 mingine, jumla 35,400. Jumlisha zote utapata 63,720. Toa katika 84,000. Zinabaki 20,280, zile zile alizosoma karani.

Yaani akaunti ilikuwa imelala kwa mwenyewe akitaka kupokea, na iko macho kwa benki ikitaka kukata. Tuliuliza inakuwaje. Tukajibiwa kwa upole kwamba ndivyo masharti yanavyosema, kipengele cha 17. Tukasoma kipengele cha 17. Ndivyo kinavyosema.

Basi, ndugu, vipo vipengele viwili tunavyotaka kila mwanachama avijue kama anavyoujua mshale wa mzani. Fomu ina vipengele vingi, na vingine si vya kudharau, kama kile kinachoiruhusu benki kuchukua fedha za akaunti yako kulipia mkopo uliodhaminiwa na wewe. Hicho tutakiandikia siku yake. Leo tunataka hivi viwili.

Cha kwanza ni kile cha kubadilisha ada. Ukikitafuta hutakiona chenye kichwa cha maneno makubwa. Mara nyingi kiko katikati au mwishoni, na kinasema takriban hivi: benki inaweza kubadilisha ada na masharti haya, itatoa taarifa kwa njia itakayoona inafaa, na mteja akiendelea kuwa na akaunti baada ya hapo atahesabiwa amekubali. Soma tena yale maneno ya mwisho. Ukimya wako ni sahihi ya pili. Mara ya kwanza ulitia dole gumba chini ya mwembe. Mara ya pili ulitia ukiwa shambani unachimba ngolo, hujui lolote.

Taarifa yenyewe inatolewaje? Katika fomu ile ziliandikwa njia tatu: kubandika tangazo katika matawi, kuweka katika mtandao wa benki, au kutuma ujumbe kwa namba ya simu iliyo kwenye kumbukumbu. Tuzipime kwa maisha yetu. Tawi liko Mbinga mjini, na mtu wa ufukweni huko Lituhi au Liuli anafika pale mara moja kwa mwaka akifika sana. Mtandao tuuache. Inabaki simu. Yule mama aliandika namba aliyokuwa nayo 2021, laini ile ilipotea ziwani pamoja na simu, akanunua nyingine. Ujumbe wa Machi 2023 ulitumwa, benki walituonyesha. Ulikwenda kwenye laini ambayo haipo mkononi mwake. Na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni ya simu inaweza kumpa mtu mwingine kabisa namba ile ile. Pengine yuko mtu fulani Makambako au Tunduru aliyejua kwamba ada ya mama yetu imepanda, naye mwenyewe hajui.

Kwa hiyo kwenye kipengele hiki usisome kama ada inaweza kubadilika. Inaweza, katika benki zote, na hakuna benki itakayokuandikia kwamba haitabadilika milele. Soma siku. Ni siku ngapi kabla ya kubadilisha watakuambia, na watakuambia kwa njia gani. Halafu soma kama unaruhusiwa kufunga akaunti na kuchukua fedha zako zote bila ada ya kufungia ikiwa huitaki ada mpya. Kipengele chenye siku zilizotajwa na mlango wa kutokea si kibaya. Kipengele kinachosema "wakati wowote" na "kwa njia itakayoona inafaa" tu, hapo kaza macho na uulize.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya serikali. Serikali haikulala katika jambo hili. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwaka 2019 kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Kanuni hizo zinawataka watoa huduma waeleze masharti na gharama waziwazi kwa mteja kabla hajafunga mkataba, na watoe taarifa kabla ya kubadilisha gharama. Kwa hiyo ukimwambia karani, "Nisomee kwanza ada zote kabla sijatia sahihi," huombi hisani. Unaomba kitu ambacho anapaswa kukupa. Lakini kanuni haitashuka kutoka Dodoma kuja kukushika mkono chini ya mwembe. Ukitia sahihi kwamba "nimesoma na nimeelewa," umeandika kwa mkono wako kwamba ulielezwa. Na maneno hayo yamo karibu katika kila fomu, juu kidogo tu ya mahali pa sahihi.

Mnakumbuka tozo ya miamala ya simu? Ilianza tarehe 15 Julai 2021, na nchi nzima ilipiga kelele, sokoni, kwenye daladala, bungeni. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Ilipunguzwa kwa sababu kila mtu aliiona ikikatwa siku moja, kwa jina moja. Ada ya akaunti haina bahati hiyo. Inapanda benki moja baada ya nyingine, kila moja kwa wakati wake, kwa tangazo lililobandikwa karibu na dirisha la mtunza fedha, na kila mtu anadhani ni yake peke yake.

Kipengele cha pili ni cha akaunti iliyolala. Hapa tuseme ukweli hata kama hautufurahishi: sharti hili lina sababu. Akaunti ambayo mwenyewe haiangalii ndiyo anayoipenda karani mwizi, maana akichota hakuna atakayelalamika kwa miaka. Kwa hiyo benki inaifunga kwa kufuli mpaka mwenyewe aje na kitambulisho. Kufuli si baya. Tunachopinga ni kwamba kufuli limepimwa kwa mlango wa mtu mwingine. Mwalimu na mganga wanalipwa kila mwezi, na kwao miezi sita au kumi na miwili bila kugusa akaunti ni dalili kwamba kuna jambo. Mkulima wa kahawa analipwa kwa msimu. Mikahawa ikipumzika mwaka mmoja, yeye anaweza kukaa miezi 20 na zaidi bila fedha yoyote kupita katika akaunti, naye yu mzima, anapalilia. Sharti la miezi 12 kwa mtu wa namna hii ni sawa na kumwandika marehemu kila mkahawa unapopumzika.

Katika kipengele hiki tafuta kwanza muda: miezi mingapi. Halafu tafuta jambo ambalo wengi hulipita, yaani kitu gani kinahesabiwa kuwa ni kutumia akaunti. Katika fomu ya yule mama ilisema "kuweka au kutoa kunakofanywa na mwenye akaunti." Maana yake ni kwamba makato ya benki hayahesabiwi, ingawa ndiyo yaliyokuwa yakitembea kila mwezi. Riba ikiingia haihesabiwi. Kuuliza salio hakuhesabiwi. Lakini kuweka shilingi 2,000 kwa wakala kunahesabiwa! Wakala yupo hapa hapa kijijini, mita mia mbili kutoka ubao huu. Angeweka 2,000 mara moja tu katika mwaka 2023, na nyingine mapema 2024, akaunti ingekuwa macho Septemba ile na 412,000 zingeingia siku moja na za wenzake. Magoma yangemkosa kwa shilingi 4,000 ambazo wala zisingepotea, zingebaki kuwa zake. Hakuna aliyemwambia. Sisi tungemwambia nini, nasi hatukuwa tumesoma?

Angalizo: si kila fomu inasema hivyo hivyo. Nyingine zinahesabu hata fedha iliyowekwa na mtu mwingine, kama malipo ya chama. Nyingine zinataka mwenyewe atoe, kuweka hakutoshi. Usichukue maneno ya fomu ya jirani ukayafanya yako.

Baada ya hapo soma nini kinatokea ikisha kulala. Ada inasimama au inaendelea? Iko ada nyingine ya kulala? Kuihuisha kunalipiwa? Na salio likifika sifuri, akaunti inafungwa, au deni linaanza kuandikwa likungojee kahawa yako ya mwakani? Hili la mwisho ni baya kuliko yote, maana mtu anaweza kurudi baada ya miaka akakuta kwamba yeye ndiye anayedaiwa.

Kuna hoja moja inayotuudhi, nayo husemwa na watu waliosoma. Wanasema, "Hata ukisoma utafanya nini? Fomu ni ya kuchapwa, huwezi kubadilisha hata nukta. Ukikataa, utalipwaje?" Nusu yake ni kweli. Karani wa tawi hana uwezo wa kufuta kipengele, na meneja pia hana. Lakini nusu ya pili ni uvivu uliovaa suti. Kusoma kunakupa angalau uwezo wa kuchagua aina ya akaunti, maana benki ile ile moja ina aina kadhaa, na karani hukuletea ile aliyotumwa kuleta.

Tuliuliza. Katika benki ile ya mama yetu ilikuwapo akaunti nyingine ya akiba isiyo na ada ya mwezi, ila kila ukitoa fedha dirishani unakatwa 2,500 pamoja na kodi, yaani 2,950. Mtu anayetoa fedha kila wiki itamla. Lakini mkulima anayetoa mara mbili kwa mwaka angelipa 5,900 kwa mwaka. Ile aliyopewa ilikuwa 21,240 kwa mwaka hata kabla ada haijapanda, na ilipopanda ikawa 35,400. Na katika ile miaka miwili ambayo hakutoa kitu, angelipa sifuri. Akaunti hiyo ilikuwapo siku ile chini ya mwembe. Fomu zake hazikuletwa.

Wengine wanatuambia tusiwe na wasiwasi kwa sababu siku hizi fedha za benki zina bima. Hapa Mbinga habari hiyo tunaijua kuliko watu wengi, maana tarehe 12 Mei 2017 Benki Kuu iliifunga Benki ya Wananchi Mbinga, na Bodi ya Bima ya Amana ikakabidhiwa ufilisi wake. Wakati ule bima ilimlinda mwenye amana hadi shilingi 1,500,000. Tangu 2023 kiwango kimepandishwa kuwa 7,500,000. Hilo ni jambo jema. Lakini bima hiyo ni ya siku benki inapokufa. Haimrudishii mtu ada iliyokatwa kwa mujibu wa masharti, na haimwamshi aliyelala. Tumejifunza kuogopa kifo cha benki, na huku akaunti zetu zinakufa moja moja bila matanga.

Sasa yanayohusu chama. Mwanachama mmoja akimwandikia meneja barua kuomba masharti tofauti, barua itawekwa kwenye jalada. Chama cha msingi kinachopitisha malipo ya kahawa ya mamia ya watu katika benki moja ni mteja ambaye meneja atampigia simu makao makuu. Huwezi kubadilisha fomu, lakini makao makuu yanaweza kuandika barua ya makubaliano inayokwenda pamoja na fomu. Ahadi ya mdomo msipokee, hata ikitolewa na meneja mwenye tabasamu na mbele ya mkutano. Fomu nyingi zina maneno yanayosema kwamba makubaliano yote ni yale yaliyoandikwa, na meneja huyo anaweza kuhamishwa mwezi ujao kwenda Sumbawanga na ahadi yake akaenda nayo.

Kwa hiyo tumeandika barua kwa benki mbili zilizoomba kupitisha malipo yetu ya msimu ujao. Tumeomba muda wa kulala kwa akaunti za wanachama uhesabiwe kwa misimu miwili ya kahawa, yaani miezi 24. Tumeomba malipo yanayoletwa na chama yahesabiwe kuwa ni kutumia akaunti. Tumeomba ada isimame wakati akaunti imelala. Na tumeomba kila badiliko la ada liletwe kwa chama kwa barua, siku 30 kabla, ili tulibandike hapa. Hawalazimiki kukubali yote. Lakini watakayoyakataa tutayajua kabla ya kutia sahihi, na mkutano mkuu ndio utakaochagua benki.

Makarani wa benki hawatawekewa tena meza siku ya malipo. Watakuja siku ya peke yake, fomu itasomwa kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili, na mwongozo wa ada utasomwa pamoja nayo. Kila mtu ataondoka na nakala yake. Karani atakayesema nakala zimekwisha, naye siku yake itakuwa imekwisha.

Na wale ambao tayari mna akaunti, ambao ni karibu sisi sote, msingoje mkutano. Nendeni kwa wakala mweke hata 2,000, halafu muulize benki kama kuweka huko kumehesabiwa. Badilisheni namba ya simu iliyoko benki kama si hii mnayotumia. Mwenye mume au mzazi aliyefariki akaacha akaunti asikae nayo kimya eti fedha ni kidogo. Aanze mirathi Mahakama ya Mwanzo, maana benki itataka barua ya msimamizi, na ada haingoji arobaini. Mwenye malalamiko ayaandike kwanza kwa benki yenyewe, apate mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, na asiporidhika na jibu Benki Kuu ina dawati la malalamiko la kuyapeleka. Bila ile nakala yenye mhuri ni maneno ya barazani.

Yule mama malipo yake yaliingia baada ya akaunti kuhuishwa. Deni la magoma lilikwisha lipwa kwa kahawa ya 2025. Kilo hatuzitaji, kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi zisomwe.

Fomu yake, jina likiwa limefutwa, imetundikwa pembeni mwa mzani. Kipengele cha 11 na cha 17 tumevipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Anayesubiri gunia lake lipimwe avisome, au amwombe mwanafunzi yeyote amsomee. Majibu ya benki zile mbili yakifika yatabandikwa hapa chini, mahali tulipoacha wazi.